Maktaba ya mtaa: Anza na mada, kisha panga ndani ya mada

Jumamosi saa nne asubuhi, mwanafunzi wa kidato cha nne anaingia kwenye maktaba ya mtaa wenu. Anatafuta Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi. Wewe unajua fika mna nakala nne, maana ni wewe uliyezipokea. Moja imebanwa katikati ya vitabu vya dini. Nyingine iko juu kabisa, kwa sababu kuna mtu alipanga vitabu kwa urefu ndio rafu zipendeze kwa picha. Mbili hazionekani. Baada ya dakika ishirini mwanafunzi anasema asante na kwenda zake. Wiki inayofuata harudi.

Hakuna aliyeiba kitabu. Nakala zote nne zimo ndani ya chumba. Lakini kwa msomaji, kitabu kisichoonekana na kitabu kilichopotea ni kitu kimoja.

Maktaba nyingi ndogo huanza hivi. Mnapewa chumba kwenye ukumbi wa mtaa au kontena kuukuu, katoni za vitabu vya msaada zinaingia, na mtu mmoja mwenye moyo anavipanga kadiri anavyoona. Yeye anajua kila kitabu kiliko. Ukimuuliza, anaenda moja kwa moja na kukuchomolea. Shida inakuja siku anapopata kazi Kisumu au anapojiunga na chuo. Akiondoka, ramani yote inaondoka naye, na maktaba inageuka stoo.

Kwa hivyo kazi ya kupanga ni kuitoa ile ramani kichwani mwa mtu mmoja na kuiweka kwenye rafu, mtu yeyote aweze kuisoma. Haihitaji kompyuta wala digrii ya ukutubi. Inahitaji maamuzi mawili, kwa mfuatano: kitabu hiki ni cha mada gani, halafu, ndani ya mada hiyo, kinafuata kipi?

Kwa nini mada ije kwanza

Jiulize watu wanaokuja huwa wanauliza nini. Wachache hutaja jina kamili la kitabu. Wengi husema, “Mko na kitu cha kuanzisha biashara?” au “Mtoto wangu yuko Gredi 4, anataka hadithi,” au “Kuna riwaya za Kiswahili?” Wanakuja na mada. Ukipanga vitabu vyote 600 kwa alfabeti ya waandishi, kuanzia A mpaka Z, kitabu cha kufuga kuku kitakaa kando ya riwaya, na riwaya kando ya kitabu cha hesabu. Anayetaka kufuga kuku atalazimika kupitia rafu zote.

Ukitanguliza mada, yule mtu anafika mahali pamoja. Hata kama kitabu alichokitaka kimeazimwa, kando yake kuna vingine vitatu vya jambo lile lile. Huo ndio uzuri wa mada: msomaji anapata hata kile ambacho hakujua mnacho.

Kabla ya rafu, sakafu

Usianze kwa kubuni majina ya mada. Anza na vitabu vyenyewe. Toa kila kitu kwenye rafu, tandika turubai au mikeka, kisha fanya marundo. Chukua kitabu, soma jalada la nyuma na yaliyomo, ukiweke kwenye rundo la ndugu zake. Usiamini jina peke yake. Utengano ya Said Ahmed Mohamed si kitabu cha ushauri wa ndoa, ni riwaya.

Ukiwa bado sakafuni, chuja. Vitabu vya marudio ya KCPE vya darasa la saba na la nane havina mtahiniwa tena, kwa sababu mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwongozo wa programu ya kompyuta ambayo hakuna anayeitumia tena unakula nafasi bure. Ukipanga takataka vizuri, bado ni takataka, na inaficha vitabu vizuri.

Tuchukue mfano tutakaoufuata hadi mwisho. Tuseme baada ya kuchuja mmebaki na vitabu 600, na ukihesabu marundo unapata hivi: watoto 170, shule 140, riwaya na hadithi fupi 120, dini 50, biashara na kompyuta 35, historia na siasa 30, afya 25, wasifu wa watu 15, kamusi na atlasi 15. Hizo ni mada tisa, na kwa chumba kimoja zinatosha.

Kuna kanuni mbili za kukuongoza hapa. Rundo lenye vitabu chini ya kumi na vitano hivi liunganishe na jirani yake. Ukiwa na vitabu sita vya mapishi na vinne vya lishe, viende kwa afya badala ya kuviandikia kibao chao. Na rundo likipita vitabu mia moja, ligawe ndani kwa ndani, maana hakuna anayependa kusoma migongo ya vitabu 140 kutafuta kimoja.

Halafu kuna rundo hatari kuliko yote: “Mengineyo”. Kila maktaba inalo, na huwa linaanza na vitabu vitatu ambavyo mmebishana kuvihusu mpaka mkachoka. Usilipe rafu. Kila kitabu kilichomo kina mtu mmoja anayeweza kukitaka, na mtu huyo hatawahi kusema, “Naomba mengineyo.” Mfikirie yeye, jiulize angeanzia wapi kutafuta, kisha ukipeleke huko.

Kila mada na mpango wake

Hapa ndipo wengi huteleza. Wakishagawa mada, wanachagua mpango mmoja, mara nyingi alfabeti ya mwandishi, na kuulazimisha kila mahali. Lakini anayetafuta riwaya hatafuti kama anayetafuta kitabu cha Gredi 7. Ndani ya kila mada, fuata swali ambalo msomaji wa mada hiyo anakuja nalo.

Kwa riwaya, swali ni “ya nani?” Mtu akimaliza Siku Njema ya Ken Walibora na akaipenda, anataka nyingine ya Walibora. Kwa hivyo panga kwa jina la mwandishi, na kazi za mwandishi mmoja zifuatane kwa alfabeti ya majina ya vitabu. Kidagaa Kimemwozea itatangulia, halafu Kufa Kuzikana, kisha Siku Njema.

Kwa vitabu vya shule, hakuna mtoto anayemjua mwandishi. Anajua gredi yake, na anajua somo analofanyia zoezi. Hapo anza na gredi, kisha somo. Unaweza kusema mbona tusianze na somo, hesabu zote pamoja kutoka gredi ya kwanza hadi ya mwisho. Jibu ni kwamba mtoto wa Gredi 4 hana haja na hesabu za Gredi 9, lakini jioni moja anaweza kutaka Hesabu, Kiswahili na Sayansi vya gredi yake. Ukimwekea vyote pamoja, anakaa mahali pamoja na kumaliza kazi yake.

Kwa wasifu wa watu, panga kwa jina la anayesimuliwa, si la aliyeandika. Wangari Maathai alichapisha tawasifu yake mwaka 2006. Hiyo iko chini ya Maathai. Mtu mwingine akiandika kitabu kuhusu maisha yake, nacho kiende papo hapo, chini ya Maathai, hata kama jina la mwandishi linaanza kwa A. Msomaji amekuja kumtafuta Wangari.

Historia na siasa, anza na mahali: Kenya kwanza, kisha Afrika Mashariki, kisha Afrika, kisha dunia. Dini, anza na dini yenyewe: Uislamu pamoja, Ukristo pamoja, nyingine pamoja. Afya na biashara, kwa vitabu 25 na 35, hazihitaji mambo mengi. Weka vinavyofanana karibu karibu, kama vya uzazi upande mmoja na vya lishe upande wa pili, basi.

Watoto nao hawasomi migongo ya vitabu. Hadithi nyingi za watoto ni nyembamba, hata hazina mgongo wa kuandikwa kitu. Zitie kwenye masanduku yaliyo wazi juu, majalada yakitazama mbele, ili mtoto apekue kama mtu anayechagua nguo kwenye mtumba. Gawa kwa kiwango cha kusoma: za picha, za maneno machache, za wanaosoma wenyewe. Masanduku yawe chini, kwenye kimo cha mtoto wa miaka mitano.

Je, riwaya zigawanywe kwa lugha? Kwa mfano wetu, kati ya 120, tuseme 45 ni za Kiswahili na 75 za Kiingereza. Msomaji huwa anajua anataka lugha gani kabla hata hajafika mlangoni, kwa hivyo zigawe. Sasa mfuatano umekuwa mada, lugha, mwandishi, jina la kitabu. Simama hapo. Ukianza kugawa tena riwaya za mapenzi mbali na za upelelezi, mtabishana kila kitabu kinapoingia, na anayerudisha vitabu atakata tamaa.

Ngũgĩ anakaa wapi?

Alfabeti inaonekana rahisi mpaka ukutane na majina yetu. Mpe mtu riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong’o aipange. Mmoja ataipeleka N. Mwingine, aliyefundishwa kwamba jina la mwisho ndilo la ukoo, ataipeleka T. Wa tatu ataona “wa” na kuipeleka W. Watu watatu wanaojitolea, sehemu tatu, mwandishi mmoja. Na usisahau kwamba vitabu vyake vya kwanza vilitoka kwa jina James Ngugi, kwa hivyo katoni ya zamani inaweza kukuletea hata jalada la namna hiyo.

Maktaba kubwa humwandika kwa N, yaani Ngũgĩ wa Thiong’o kama lilivyo, bila kugeuza. Fuata hivyo, na utaona faida mara moja: vile vya James Ngugi na vile vya Ngũgĩ wa Thiong’o vyote vinakutana NGU.

Kwa wengine, tumia jina la mwisho lililo kwenye jalada: Clara Momanyi kwa M, Shaaban Robert kwa R, Euphrase Kezilahabi kwa K, Said Ahmed Mohamed kwa M. Kanuni yenyewe si muhimu kama kuifuata kila siku. Kwa majina yanayoleta utata, andika uamuzi wenu kwenye karatasi moja na kuibandika ndani ya mlango wa kabati: “Ngũgĩ: NGU.” Karatasi hiyo itajaa majina kumi, kumi na matano, halafu ubishi utaisha.

Vitabu vinavyogombaniwa

Kuna vitabu vinavyoweza kukaa mada mbili. Rudi kwa Nguu za Jadi. Ni riwaya, kwa hivyo mahali pake ni M chini ya riwaya za Kiswahili. Lakini pia ni kitabu teule cha fasihi kwa kidato cha nne, pamoja na tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege na mkusanyiko wa hadithi fupi wa Mapambazuko ya Machweo. Mwanafunzi anavitaka vyote vitatu pamoja.

Kishawishi ni kuweka nakala mbili huku na mbili kule. Usifanye hivyo. Siku za karibu na mtihani, nakala mbili za upande wa shule zitaazimwa, na mtu ataambiwa zimeisha ilhali mbili zimelala upande wa riwaya. Kitabu kimoja, nyumba moja, hata kama kina nakala kumi.

Amua kwa kuuliza ni nani atakayekuja kukitafuta mara nyingi zaidi mwaka huu. Kwa sasa ni mtahiniwa, kwa hivyo nakala zote ziende shule, kwenye sehemu ndogo iliyoandikwa “Fasihi teule”. Kisha pale M kwenye riwaya, simamisha kipande cha kadi ngumu chenye upana wa kitabu: “Nguu za Jadi: tazama Shule, Fasihi teule.” Kadi hiyo inafanya kazi ya nakala ya pili bila kutenganisha nakala.

Orodha ya vitabu teule ikibadilika, kitabu kinahama. Kidagaa Kimemwozea kiliwahi kuwa kitabu teule. Siku hizi anayekitafuta ni mpenzi wa riwaya, kwa hivyo kimerudi nyumbani kwa Walibora, kando ya ndugu zake. Kuhamisha kitabu hakumaanishi mpango umeharibika. Unabadilisha lebo, unabadilisha mstari mmoja kwenye daftari, unaondoa ile kadi.

Swali hilo hilo linatatua mengine mengi. Kitabu cha kufuga kuku, ni kilimo au biashara? Kama ni mtaa wa Nairobi na hamna rundo la kilimo, anayekitafuta anataka kupata pesa. Kipeleke biashara. Kingekuwa kijijini kwenye maktaba yenye vitabu 40 vya kilimo, jibu lingekuwa tofauti, na lingekuwa sahihi vilevile.

Lebo ndiyo inayorudisha kitabu nyumbani

Mpango usioandikwa kwenye kitabu utadumu wiki mbili. Mgongo wa kila kitabu unahitaji lebo yenye mistari miwili: juu mada, chini ile alama ya kupangia ndani ya mada. Siku Njema itakuwa hivi, SW ikimaanisha Kiswahili:

```
RIW-SW
WAL
```

Kitabu cha Hesabu cha Gredi 7 kitakuwa hivi:

```
SHU-7
HES
```

Na tawasifu ya Wangari Maathai hivi:

```
WAS
MAA
```

Bandika lebo zote kwa kimo kimoja, tuseme sentimita tatu kutoka chini, ili jicho lipite kwa mstari mnyoofu. Andika kwa wino mzito wa herufi kubwa, kisha funika kwa selotepu pana; bila hiyo, mikono itaifuta lebo kabla ya muhula kuisha. Kama mgongo ni mwembamba, bandika kwenye jalada la mbele, pembe ya chini upande wa mgongo. Andika lebo hiyo hiyo kwa penseli ndani ya jalada, maana siku moja stika itabanduka.

Ongeza doti ya rangi kwa kila mada. Rangi haitakuambia kitabu kinafuata kipi, lakini itakuonyesha kwa mbali kilichopotea njia. Doti nyekundu moja katikati ya doti za kijani inapiga kelele yenyewe.

Kisha orodhesha vyote kwenye daftari, au Google Sheets kama mna simu na bando: nambari ya kitabu, jina, mwandishi, lebo, idadi ya nakala. Hapo mtu akiuliza jina la kitabu, unatazama orodha, unasoma lebo, unaenda.

Hesabu ya rafu

Mpango mwingi mzuri hufa kwa kukosa nafasi. Ukijaza rafu pomoni, kitabu kipya cha Momanyi kikija lazima usukume M, kisha N, kisha mstari wote mpaka mwisho. Baada ya mara mbili, anayepanga anachoka na kukilaza kitabu juu ya vingine. Huo ndio mwanzo wa fujo.

Chukua rafu ya sentimita 90. Kwa riwaya zenye unene wa sentimita mbili hivi, zinaingia 45 ukibana. Weka 30 tu, yaani theluthi mbili. Kwa mfano wetu, riwaya 120 zitachukua rafu nne. Shule 140, rafu tano. Dini mbili, biashara mbili, historia moja, afya moja, na wasifu pamoja na kamusi watagawana moja. Jumla ni rafu 16. Makabati manne yenye rafu tano kila moja yana rafu 20, kwa hivyo mnabaki na nne za akiba. Watoto 170 wako kwenye masanduku, hawamo kwenye hesabu hii.

Sasa jambo dogo linalowachanganya wengi: vitabu vinaelekea wapi? Kutoka kushoto kwenda kulia, rafu ya juu hadi ya chini, ndani ya kabati moja. Kabati likiisha ndipo unahamia linalofuata, ukianza juu tena. Usipeleke alfabeti moja kwa moja kwenye rafu ya juu ya makabati yote manne kisha ushuke. Msomaji anasimama mbele ya kabati moja, hatembei ukutani kama anayesoma mabango.

Zile rafu nne za akiba usizikusanye mwisho. Acha moja baada ya riwaya, moja baada ya shule, na mbili kwa mada mnazoona zinakua. Na vitu vizito, kama atlasi, viwe rafu za chini.

Na zile nambari za Dewey?

Ukiingia maktaba kubwa ya umma utaona nambari kwenye migongo ya vitabu. Huo ni mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Unagawa maarifa yote katika mafungu kumi, kutoka 000 hadi 900, kisha kila fungu linagawanywa tena na tena. Nao ni mada kwanza, kisha ndani ya mada. Historia ya Kenya ni 967.62, ya Uganda 967.61, ya Tanzania 967.8.

Kwa vitabu laki moja ni mfumo wa maana sana. Kwa vitabu 600 unaweza kukuletea kazi zaidi ya faida. Kwanza, watu husoma 967.62 na kudhani ni kubwa kuliko 967.8, kwa sababu 62 ni kubwa kuliko 8. Ni desimali, kwa hivyo Kenya inatangulia Tanzania. Anayejitolea kwa saa mbili za Jumamosi atalikosea hilo.

Pili, Dewey alipanga kwa macho ya Amerika ya wakati wake. Fungu la dini ni 200 hadi 299, na sehemu kubwa yake ni Ukristo, ilhali Uislamu wote uko 297. Kwa maktaba ya Eastleigh au Mombasa, nusu ya vitabu vya dini vitasongamana chini ya nambari moja. Fasihi ya Kiswahili nayo iko 896.392, mbali na riwaya za Kiingereza zilizo 823, hata kama waandishi wote wawili ni Wakenya. Ndiyo sababu hata maktaba nyingi zinazotumia Dewey huziondoa riwaya kwenye nambari na kuzipanga kwa jina la mwandishi.

Mkifika vitabu elfu tatu hivi, au mkitaka kuunganisha orodha yenu na maktaba nyingine, lifikirieni tena. Kazi mliyofanya haitapotea, kwa sababu rundo lililokwisha kugawanywa kwa mada hupewa nambari haraka kuliko katoni iliyochanganywa.

Utajuaje mpango unafeli?

Fanya majaribio mawili. La kwanza, mwite mtu ambaye hajawahi kuingia humo. Mpe majina matatu: riwaya moja, kitabu kimoja cha shule, na kimoja cha afya. Mwonyeshe orodha na vibao, kisha nyamaza. Akikipata kila kimoja kwa dakika mbili hivi bila kukuuliza, poa. Akikuuliza, sikiliza swali lenyewe. “RIW ni nini?” inamaanisha hamjabandika ufunguo wa alama ukutani. “Hii M inaanzia wapi?” inamaanisha rafu zinahitaji kibao mwanzoni.

La pili ni gumu zaidi, na ndilo linalosema ukweli. Mpe mtu huyo huyo vitabu kumi avirudishe, kisha ukague. Vikikaa sawa tisa, mpango unasomeka. Vikikaa sawa sita, tazama ni vipi vinne vilivyokosewa. Vikiwa vyote vya mada moja, tatizo liko kwenye mada hiyo. Pengine umeigawa kupita kiasi.

Kwa siku za kawaida, waombe wasomaji wasirudishe vitabu kwenye rafu wenyewe. Weka meza au kreti yenye maandishi “Acha hapa.” Mtu akirudisha kwa nia njema mahali pasipofaa, kitabu kimepotea, akikiacha mezani, kiko salama. Halafu kila anayejitolea apewe mada moja awe mlinzi wake. Mara moja kwa wiki anapitisha kidole kwenye lebo kutoka kushoto kwenda kulia, anachomoa kilichopotoka na kukirudisha mahali pake. Kwa rafu nne za riwaya, hiyo ni kama robo saa. Asipofanya kwa mwezi mzima, itamchukua mchana kutwa.

Na kama mna siku moja tu ya kuanza, msishike maktaba yote. Chukueni riwaya peke yake: toeni, gawanyeni kwa lugha, pangeni kwa mwandishi, bandikeni lebo, andikeni orodha. Vitabu 120, watu wanne, mtamaliza kabla jua halijazama. Jumamosi inayofuata, shule.